JINSI TIPA INAVYOINUA MZIGO, NA KWA NINI HUWA RAHISI KUPINDUKA BODI INAPOFIKA JUU

Katika kila mahali panapojengwa barabara, watu wamezoea kuiona tipa ikirudi nyuma polepole, ikisimama, kisha ikiinua bodi yake upande wa mbele mpaka mchanga au kokoto zianze kuporomoka. Kazi ambayo watu sita wenye sepetu wangeifanya kwa saa nyingi humalizika kwa muda usiozidi dakika mbili. Lakini wale walioishi na magari haya wanajua pia kwamba mara kwa mara tipa huanguka ubavuni ikiwa imesimama, bila ya kugongwa na gari lingine, bila ya mwendo wa kasi, na dereva akiwa mzima wa akili. Watu husema kwamba ni bahati mbaya. Kwa hakika si bahati. Sababu yake yaonekana wazi mtu akielewa namna jeki ya mafuta inavyofanya kazi, na mambo ambayo jeki hiyo haikutengenezwa kuyafanya.

Nguvu Itokayo Katika Mafuta

Jeki ya tipa haina meno wala minyororo. Kinachoinua mzigo ni mafuta yaliyofungiwa mahali pasipo na njia ya kutokea. Katika karne ya 17 Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, alieleza kwamba maji au mafuta yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawasawa pande zote za chombo. Basi msukumo mdogo juu ya kila sentimita moja ya mraba huwa nguvu kubwa sana ukikutana na uso mpana. Mnamo mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya kuilinda mashini yake ya kukandamiza vitu, iliyotumia kanuni hiyo hiyo.

Katika tipa, pampu ya mafuta huzungushwa na injini kwa kupitia giaboksi. Dereva hukanyaga klachi, akaingiza gia ya pampu, akaachilia klachi, na pampu ikaanza kuvuta mafuta kutoka katika tangi lake. Akivuta mkono wa kuinulia, valvu huyapeleka mafuta chini ya jeki, na bodi huanza kupanda. Akiurudisha mkono katikati, valvu huyafungia mafuta, na bodi hukaa pale pale ilipo. Akitaka kuishusha, valvu hufunguliwa na mafuta hurudi tangini. Yafaa ijulikane kwamba jeki za namna hii kwa kawaida husukuma upande mmoja tu, yaani juu. Hazina nguvu ya kuivuta bodi chini. Bodi hushuka kwa uzito wake yenyewe.

Mirija Iliyomo Ndani ya Mirija

Jambo la kushangaza ni kwamba jeki inapokuwa imelala haizidi sana urefu wa mtoto mdogo, lakini ikinyooka hufika karibu mita nne. Siri yake ni kwamba jeki hiyo ni mirija kadhaa, mmoja ndani ya mwingine, kama waya wa kunasia mawimbi wa redio ndogo, ambao mtu huuvuta kipande kwa kipande. Kila mrija umezungushiwa mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, na kila mmoja una ukingo wa kuuzuia usichomoke kabisa.

Na itwaliwe mfano wa tipa ya ekseli tatu, ambayo jeki yake imesimama nyuma tu ya chumba cha dereva. Jeki hiyo ina mirija minne inayotoka. Mrija wa kwanza, ulio mpana kuliko yote, una upana wa milimita 150. Wa pili ni 130, wa tatu 110, na wa nne 90. Kila mmoja hutoka kiasi cha sentimita 96, na kwa jumla hufanya mita 3.8 na zaidi kidogo. Kwa kuwa bawaba za bodi ziko nyuma, mita tano kutoka kwenye jeki, urefu huo watosha kuiinamisha bodi kwa nyuzi 45.

Mafuta yanapoingia, ni mrija upi utakaotangulia? Ni ule mpana, kwa sababu uso wake ni mkubwa, nao huweza kuuinua mzigo kwa msukumo mdogo zaidi. Bodi ya tani 3 na mzigo wa tani 15 ni tani 18. Mwanzoni nusu ya uzito huo huchukuliwa na bawaba za nyuma, na nusu, yaani tani 9, huchukuliwa na jeki. Mrija mpana una uso wa sentimita za mraba 177. Basi msukumo unaotakiwa ni kama kilo 51 juu ya kila sentimita ya mraba. Mrija mwembamba una sentimita 64 tu, na kama ungetangulia ungehitaji kilo 140. Mafuta hufuata njia iliyo nyepesi, kwa hiyo mrija mpana hupanda kwanza mpaka ukingo wake unapogota, ndipo wa pili unapoanza, na hivyo mpaka wa mwisho.

Mpango huu ni wa hekima, kwa maana mzigo huwa mzito zaidi kwa jeki pale mwanzoni, na hapo ndipo mrija wenye nguvu nyingi unapofanya kazi. Bodi inapopanda, uzito wake huegemea bawaba za nyuma zaidi na zaidi. Kwenye nyuzi 45, hata kama mzigo wote bado umo, jeki ya mfano wetu hubeba kiasi cha tani nne na nusu tu, yaani nusu ya ile ya kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo dereva hana budi kulikumbuka. Pampu hutoa mafuta kwa kipimo kile kile, na mrija mwembamba hujaa upesi kuliko mpana. Kama pampu yatoa lita 100 kwa dakika, mrija wa kwanza utapanda kwa sekunde 10, lakini wa nne utapanda kwa sekunde 4 hivi. Yaani bodi huenda kasi zaidi karibu ya kufika juu, mahali ambapo ingefaa iende polepole. Dereva mwenye ujuzi hupunguza moto wa injini mrija wa tatu unapokaribia kwisha, ili mrija wa mwisho usipande kwa kishindo na kuutikisa mzigo.

Jeki Huinua, Haishikilii

Sasa twafika penye kosa ambalo watu wengi hulifanya. Mtu akiitazama jeki iliyosimama mbele ya bodi, hudhani kwamba ni kama nguzo inayoizuia bodi isilale upande wa kulia wala wa kushoto. Sivyo. Jeki imefungwa kwa pini juu na chini ili iweze kuinama pamoja na bodi inapopanda. Mirija yake ina nafasi ndogo kati ya mmoja na mwingine ili iweze kuteleza, na wa juu kabisa, ambao ndio mwembamba, ndio ulio mbali zaidi na chini. Jeki iliyonyooka ikisukumwa ubavuni hupinda. Ilitengenezwa kusukuma kwa urefu wake, basi.

Kinachoizuia bodi isianguke ubavuni ni zile bawaba mbili za nyuma, na chesisi iliyo chini yake, na springi, na matairi, na mwisho ni ardhi yenyewe. Bodi inapokuwa imelala, hukaa juu ya chesisi kwa urefu wake wote, na springi za mbele na za nyuma husaidiana kuibeba. Inapoinuliwa, hubaki imeshikwa kwa bawaba mbili ambazo hazizidi mita moja na kidogo kati yao. Chesisi ya lori hujisokota kwa urahisi, kama ubao mrefu ulioshikwa ncha mbili, kwa hiyo springi za mbele haziwezi kutoa msaada mwingi kwa kile kinachotokea nyuma. Karibu kazi yote ya kuzuia bodi isilale ubavuni huangukia ekseli za nyuma.

Hesabu ya Kitovu cha Uzito

Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote huwa kama umekusanyika. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Gari halianguki maadamu mstari uliodondoshwa kutoka kitovuni kwenda chini unafika kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto. Mstari huo ukitoka nje ya magurudumu, gari haliwezi kusimama.

Katika tipa ya mfano wetu, gari lenyewe bila ya bodi ni tani 8, na kitovu chake kiko sentimita 90 kutoka chini. Bodi na mzigo wake vikiwa vimelala, kitovu chao kiko kiasi cha mita 2. Vikijumlishwa pamoja, kitovu cha gari zima huwa mita 1.66. Bodi ikiinuliwa nyuzi 45 na mzigo haujatoka, kitovu cha bodi na mzigo hupanda mpaka mita 3.5, na cha gari zima hufika mita 2.7. Kutoka katikati ya gari mpaka katikati ya magurudumu ya upande mmoja ni kama mita 1. Hiyo mita moja ndiyo akiba yote aliyo nayo dereva.

Kama gari lingekuwa kipande cha jiwe lisiloinama wala kubonyea, lingeweza kusimama ubavuni mwa mteremko wa nyuzi 31 likiwa limelaza bodi, lakini nyuzi 20 tu likiwa limeiinua. Msomaji aweza kusema kwamba nyuzi 20 ni mteremko mkali, na hakuna dereva atakayemwaga mahali kama hapo. Ni kweli. Lakini gari si jiwe. Na itazamwe ni nini hutokea mahali palipo karibu sawa.

Tipa imeleta udongo uliolowa mahali panapojazwa kwa ajili ya tuta la barabara, katika nchi yenye udongo mweusi unaonata, kama ule wa nyanda za Athi. Ardhi yaonekana tambarare, lakini magurudumu ya kushoto yamezama sentimita 10 kuliko ya kulia. Katika upana wa mita 2, hiyo ni sehemu moja katika ishirini, yaani nyuzi tatu hivi, na jicho halioni kwa urahisi. Bodi ikiwa imelala, kitovu huhama kwenda kushoto kwa sentimita 8. Ikiinuliwa, huhama kwa sentimita 13 na nusu, kwa ajili ya ule urefu. Kisha uzito uliohamia kushoto hubonyeza springi na matairi ya kushoto, nayo bodi huinama zaidi, na kitovu huhama tena. Tena uzito huo huzidi kuyazamisha magurudumu ya kushoto katika udongo laini. Kila jambo moja huliongezea jingine nguvu. Hii ndiyo sababu dereva huona bodi ikiinama kidogo kidogo, kisha ghafula yote yakamshinda.

Mzigo Ulionata

Hatari kubwa kuliko zote hutokea mzigo ukitoka nusu na nusu ukabaki. Mchanga mkavu huanza kuteleza kabla bodi haijafika juu kabisa, kwa hiyo kitovu kinapopanda mzigo nao unapungua, na mambo husawazishwa. Lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa, au maramu iliyokaa bodini usiku kucha, hushika chuma. Mara nyingi hubaki pembeni na mbele, yaani mahali palipo juu zaidi bodi inapoinuka.

Tuseme tani 8 zimekwisha kumwagika, na tani 7 zimenata mbele upande wa kushoto. Dereva huona marundo ya udongo chini na kudhani kwamba hatari imepita. Lakini hesabu yaonyesha vingine. Tani zile 7 ziko juu ya mita 4 kutoka chini, na kitovu cha gari zima bado kiko mita 2.6, karibu sawa na mwanzo, ijapokuwa zaidi ya nusu ya mzigo imetoka. Tena, kwa kuwa udongo uliobaki uko nusu mita kushoto ya katikati, huo peke yake umekihamisha kitovu kwa sentimita 19. Ongeza zile 13 au 14 za magurudumu yaliyozama, na nyingine 12 hivi za springi na matairi yaliyobonyea. Kwa jumla karibu nusu ya ile mita moja ya akiba imekwisha, na hakuna mtu aliyefanya jambo lolote la wazimu.

Hapo ndipo madereva wengine hufanya lile ambalo huwaponza. Huenda mbele kidogo bodi ikiwa juu, kisha hukanyaga breki kwa nguvu ili udongo uanguke kwa mshtuko. Mshtuko huo huutikisa mzigo ulio mita nne angani, na gurudumu moja likipanda jiwe au likitumbukia shimoni, akiba iliyobaki hwisha mara moja. Njia iliyo salama ni kuishusha bodi polepole mpaka chini, kwa maana ikishushwa na kusimamishwa ghafula nayo hutoa mshtuko. Kisha gari lihamishwe mahali palipo sawa na pagumu, na udongo ulegezwe kwa sepetu zenye mipini mirefu bodi ikiwa imelala. Ni kazi ya kuchosha, na msimamizi aweza kunung'unika kwa kuchelewa, lakini hakuna njia nyingine.

Dalili Zinazoonekana Mapema

Kabla ya kuinua, dereva mwangalifu hushuka na kuzunguka gari lake. Hutazama matairi ya nyuma, hasa yale ya ndani, kwa sababu tairi moja lililopungua upepo huinamisha gari kama vile shimo linavyoliinamisha. Hutazama springi kama jani limevunjika, na pini za bawaba kama zimelika, kwani bawaba iliyolegea huipa bodi nafasi ya kucheza. Huhakikisha kwamba mlango wa nyuma umefunguliwa, maana mlango uliofungwa huuzuia mzigo wote nyuma na juu. Kisha hutazama angani kama kuna nyaya za umeme.

Bodi inapopanda, macho yasitoke kwenye vioo. Ukingo wa juu wa bodi uendelee kulingana na chumba cha dereva. Ukianza kushuka upande mmoja, mkono wa kuinulia urudishwe papo hapo. Tairi la upande mmoja likibinuka kuliko mwenzake, au jeki ikionekana kupinda kama fimbo ya kuvulia samaki, ni dalili ile ile. Na kama bodi imepita nusu ya mwendo wake na mzigo haujaanza kusogea, hakuna faida kuendelea kupanda kwa matumaini. Jeki nayo ina lugha yake. Mirija ikitoka kwa kuruka-ruka, au mrija mwembamba ukitoka kabla ya mpana, yawezekana mmoja umepinda au umeingiwa na uchafu. Jeki kama hiyo ipelekwe kwa fundi kabla ya kubeba mzigo mwingine.

Utingo na watu wa sepetu wasisimame ubavuni mwa tipa inayomwaga. Bodi ya mita 5 iliyoinuliwa huanguka mbali na gari, kwa hiyo nafasi ya kuachwa kila upande izidi urefu wa bodi, wala tipa mbili zisimwage zikiwa bega kwa bega. Pia mtu asiingie chini ya bodi iliyoinuliwa ikiwa haikuwekewa mhimili wa chuma, kwa kuwa kinachoizuia ni mafuta tu, na mpira mmoja ukipasuka mafuta hutoka na bodi hushuka.

Na ikiwa gari limekwisha kuanza kupinduka, dereva asiruke. Wengi walioruka walijikuta upande ule ule ambao gari liliangukia, nalo likawalalia. Chumba cha dereva, pamoja na mkanda uliofungwa tangu kabla ya kuinua, ndicho kilicho salama zaidi. Ashike usukani kwa nguvu, aegemeze mgongo kitini, akae humo mpaka gari litulie, kisha azime injini na kutoka taratibu.